Pembe za Chumba Kidogo na Pamba ya Mawe

Leo nazungumza hasa na vijana wanaotengeneza muziki nyumbani, wale wenye kompyuta moja, spika mbili na chumba cha futi kumi kwa kumi na mbili. Malalamiko yao nayasikia mara kwa mara, na karibu yote yanafanana. Biti inapikwa chumbani, besi inasikika nyembamba, prodyuza anaiongeza. Anaiongeza tena. Kesho yake wimbo unapigwa kwenye gari la rafiki, na besi inavuma hadi inammeza mwimbaji. Kijana anadhani spika zake ni mbovu. Anajibana, ananunua kubwa zaidi, na hali inazidi kuharibika, kwa sababu tatizo halikuwa kwenye spika. Lilikuwa kwenye chumba chenyewe.

Tuanze na kinachotokea humo ndani. Jaza maji kwenye karai, ulisukume taratibu mpaka maji yaanze kwenda na kurudi. Kwenye kingo mbili maji yanapanda na kushuka sana. Katikati kimo chake hakibadiliki, yanakwenda tu upande huu na upande ule. Hewa ya chumbani hufanya hivyo hivyo sauti nzito inapogonga ukuta, ikarudi, ikakutana na inayokuja. Ukutani mgandamizo wa hewa unapanda na kushuka kwa nguvu, na hapo sikio linasikia besi nyingi. Katikati mgandamizo haubadiliki, na sikio lililoko hapo halisikii kitu, hata kama spika inatetemeka kwa nguvu zake zote. Prodyuza wetu kaweka kiti chake wapi? Mara nyingi katikati ya chumba. Anaongeza besi ambayo kiti chake hakimruhusu kuisikia.

Sauti ipi hasa inasimama namna hiyo inategemea urefu wa chumba. Chukua kasi ya sauti, ambayo kwenye joto letu la pwani ni kama mita 348 kwa sekunde, uigawe kwa urefu wa chumba mara mbili. Chumba cha futi kumi na mbili kina mita 3.66. Mara mbili ni 7.32, na jibu ni kama mitetemo 47 na nusu kwa sekunde, au tuseme hezi 47 na nusu. Upande wa futi kumi unatoa hezi 57. Kimo cha futi tisa, toka sakafu hadi dari, kinatoa hezi 63. Kisha kila moja ina mwenzake wa mara mbili: 95, 114, 127. Hapo ndipo lilipo gitaa la besi, na ndipo lilipo dundo la ngoma ya mguu. Ikiwa chumba chako ni futi kumi kwa kumi, hali ni mbaya zaidi, kwa sababu urefu na upana vinasimamisha sauti ile ile moja, na zinapandana.

Kuna jambo moja ambalo mafunzo mengi ya kazi hii hayatuambii, kwa sababu yametoka Marekani, kwenye nyumba za fremu za mbao zilizopigiliwa bodi za jipsamu. Bodi ile ni nyembamba, na nyuma yake kuna uwazi. Besi ikiigonga, inatikisika na kumeza sehemu ya nguvu yake, na nyingine inapita ikaenda zake. Kuta zetu ni za tofali la saruji lililopigwa plasta. Hazitikisiki. Karibu besi yote inayozigonga inarudi chumbani. Kwa hiyo anayefuata vipimo vya Marekani bila kubadilisha kitu, akaweka vibao viwili vyembamba, atashangaa mbona hapati walichopata wao. Chumba cha tofali kinadai zaidi. Nafuu yetu ni kwamba nyumba nyingi zina dari ya jipsamu au mbao laini chini ya bati, nayo inalegeza kidogo ile sauti ya toka sakafu hadi dari. Ukiwa kwenye ghorofa, juu yako zege na chini yako zege, hata nafuu hiyo huna.

Sasa tunafika kwenye mtego wa besi. Ni kitu cha nyuzinyuzi kinachowekwa mahali ambapo sauti nzito itapita ndani yake na kupoteza nguvu. Hewa inapojipenyeza kati ya nyuzi inasuguana nazo, na nguvu ya sauti inageuka joto, dogo sana kiasi kwamba mkono hauwezi kulihisi. Lakini angalia sharti lake: ili msuguano uwepo, lazima hewa iwe inatembea. Na pale ukutani kabisa hewa haitembei, inagandamizwa tu. Mwendo ni mdogo karibu na ukuta na unaongezeka kadiri unavyouacha, mpaka unafika kilele kwenye robo ya wimbi. Robo ya wimbi la hezi 100 ni sentimita 87. Ndiyo maana sponji ya sentimita tano iliyogundishwa ukutani haiigusi besi kabisa. Inameza sauti nyembamba tu, zile za sahani za drams na herufi "s" mdomoni mwa mwimbaji, kisha inakuachia chumba butu chenye mvumo uleule. Trei za mayai hazifanyi hata hicho.

Na kwa kuwa nimeitaja sponji, niseme hili kwa uzito wake. Sponji ya magodoro inashika moto haraka na kutoa moshi wenye sumu. Mwaka 2003, huko West Warwick katika jimbo la Rhode Island, Marekani, fataki za jukwaani ziliwasha sponji iliyobandikwa ukutani mwa klabu ya usiku ili kupunguza sauti, na watu 100 walikufa. Chumba chenye nyaya nyingi, adapta zinazopata joto na mlango mmoja si mahali pa kubandika magodoro. Pamba ya mawe haiungui. Ni mawe yaliyoyeyushwa yakafumwa kuwa nyuzi.

Kwa nini pembeni? Kwanza, ile sauti inayosimama kwa urefu inafika kwenye kona, na ile inayosimama kwa upana inafika kwenye kona hiyohiyo. Kona moja ya wima inazihudumia zote mbili, na pale juu inapokutana na dari inaihudumia na ya tatu. Hakuna mahali pengine chumbani penye bahati hiyo. Pili, kona inakupa kina bila kukunyima nafasi. Ukiuegemeza ubao wa pamba wenye upana wa sentimita 60 kwa mshazari, ncha moja ukuta huu na nyingine ukuta ule, nyuma yake unapata uwazi wa sentimita 30, na pamba iko mbali na ukuta, pale ambapo hewa inatembea. Kiti, meza na spika vinabaki vilipokuwa.

Pamba yenyewe mafundi wengi huiita rokwuli. Usiitafute kwenye maduka ya vyombo vya muziki. Nenda kwa wanaouza vifaa vya viyoyozi, vyumba vya baridi, majiko ya kuokea mikate na mabomba ya mvuke, maana hao ndio wanaoitumia kila siku kuzuia joto. Omba ya bodi, si ya kuviringishwa. Bodi ya kawaida ina urefu wa sentimita 120, upana 60, na unene wa tano au kumi. Uzito unaotafuta ni kati ya kilo 45 na 60 kwa mita ya ujazo. Muuzaji anaweza asijue namba hiyo, na huhitaji ajue. Chukua mizani ndogo ya kuning'inia, ile ya kupimia mabegi, upime bodi moja. Ya sentimita tano ikiwa na kilo 1.6 hadi 2.2, umepata. Ikikaribia kilo nne, hiyo ni ya tanuru: imebanwa mno, na sauti badala ya kupenya itagonga uso wake na kurudi. Ikiwa chini ya kilo moja, ni laini. Laini inafaa pale tu unapoijaza kwa kina kikubwa, na haisimami yenyewe.

Mita na namba zimetosha, tujenge. Nitachukua chumba kile kile cha kumi kwa kumi na mbili, kimo futi tisa, mlango ukutani nyuma karibu na kona moja, na dirisha ubavuni. Spika zinatazama urefu wa chumba. Kona mbili za mbele, nyuma ya spika, ziko huru. Kona moja ya nyuma iko huru. Ya nne imeliwa na mlango.

Kona mbili za mbele nitazijaza kabisa, na huo ndio mtego wenye nguvu kuliko yote utakayojenga kwa mkono. Chukua bodi ya sentimita tano, ikate katikati upate miraba miwili ya 60 kwa 60. Kila mraba ukate kutoka pembe hadi pembe, mara mbili, upate pembetatu nne. Bodi moja inakupa pembetatu nane, kila moja ikiwa na pande mbili za sentimita 42 zinazokaa kwenye kuta, na mgongo wa sentimita 60 unaotazama chumba. Kata kwa kisu cha mkate chenye meno, chini ukiweka kipande cha plaiwudi, na pembetatu ya kwanza itumie kupimia nyingine ili zisitofautiane. Kisha zipange kuanzia chini, moja juu ya nyingine, ukizisukuma zishike kona. Usizikandamize. Weka tofali chini yake ili safu ya kwanza iwe juu ya sakafu kwa sentimita tano, maana maji ya kupigia deki yakiingia humo hayatoki upesi. Kimo kilichobaki kinataka pembetatu 54, yaani bodi saba kwa kona, kumi na nne kwa kona mbili. Ukifika katikati weka kipande cha plaiwudi juu ya vigingi viwili vilivyopigwa ukutani, kibebe nusu ya juu, la sivyo uzito utaibana ile ya chini na baada ya miezi utaona pengo limetokea darini. Na pengo hilo si la kupuuzwa. Pale juu ndipo kuta mbili na dari zinapokutana, ndipo mtego unapofanya kazi nyingi.

Kona ya nyuma iliyo huru itapata ubao wa mshazari. Laza bodi mbili za sentimita tano moja juu ya nyingine ziwe unene wa kumi, uzizungushie fremu ya mbao ya inchi moja kwa nne. Fremu mbili, moja juu ya nyingine, zinakwenda hadi sentimita 240. Nyuma ya fremu usipigilie plaiwudi, kosa ninaloliona mara nyingi. Mgongo lazima uwe wazi, sauti ipite iende ukutani na kurudi, ipite kwenye pamba mara mbili. Kwa kona iliyoliwa na mlango, geuza mawazo kidogo: pale ukuta wa nyuma unapokutana na dari napo ni kona, ila imelala. Tundika fremu mbili nyingine huko juu kwa mshazari, kwa ndoano na waya imara, kwani kila moja inaweza kufika kilo nne kabla ya mbao na hutaki imshukie mtu kichwani. Jumla yake ni bodi ishirini na mbili.

Kitambaa kinahitaji kipimo kimoja tu. Kiweke mdomoni upulize. Hewa ikipita bila shida, sauti nayo itapita. Marekani inafaa sana, gunia la jute linafaa, kanga ya pamba inafaa na inapendeza. Vitambaa vyenye mpira au nta nyingi vikatae kabisa. Kivute kwenye fremu ukibane nyuma kwa stepla kubwa ile ya mafundi wa masofa. Kwa kona zilizojazwa, tengeneza fremu nyepesi ya mbao ukiivika kitambaa, uiegemeze mbele ya pembetatu kama pazia lililokazwa.

Nyuzi hizi zinawasha. Vaa mikono mirefu, glavu, miwani ya kazi na barakoa, na kata nje penye upepo. Ukimaliza oga kwa maji ya baridi kabla ya maji ya moto. Wapo wanaoichanganya na asbesto wakaiogopa. Ni kitu kingine kabisa. Mwaka 2002 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka pamba ya mawe ya kuzuia joto katika kundi la vitu ambavyo ushahidi uliopo hautoshi kusema vinaleta saratani kwa binadamu. Hata hivyo ikiwa imefunikwa vizuri hakuna sababu ya nyuzi kuwa hewani chumbani mwako. Kwa aliye Mombasa, Tanga au Unguja, kabla ya kujaza kona angalia kama ukuta unatoa unyevu. Plasta ikiwa imevimba au ina madoa, tibu ukuta kwanza, vinginevyo ukungu utaota nyuma ya kitambaa usiuone mpaka uanze kukohoa.

Baadhi ya bodi zinakuja na karatasi ya fedha upande mmoja. Wengi huibandua mara moja. Mimi nashauri usiibandue kwenye mitego ya nyuma. Besi haisumbuliwi na karatasi ile, inapita, lakini sauti nyembamba zinarudi chumbani. Chumba kidogo chenye zulia, kitanda, mapazia na mitego minne kinaweza kukauka sauti za juu kabisa, ukafanya kazi ndani yake kwa saa mbili masikio yakachoka. Igeuze karatasi itazame chumba, ndipo uivike kitambaa.

Utajuaje kama imefanya kazi? Pima kabla na baada, usitegemee kumbukumbu ya sikio. Ipo programu ya bure ya kompyuta iitwayo REW, inataka maikrofoni moja ya kupimia, ikiwekwa pale kichwa chako kinapokaa. Inapiga sauti inayopanda toka chini hadi juu, kisha inachora mlima na bonde la kila sauti, na inaonyesha pia kila sauti imechukua muda gani kufifia. Tazama hasa huo muda. Vilele vitashuka kidogo, mabonde yatajaa zaidi kuliko vilele vilivyoshuka, lakini badiliko kubwa utaliona kwenye mikia: sauti ya 95 na 114, ambazo zilikuwa zikivuta mkia mrefu baada ya spika kunyamaza, zitakatika mapema. Asiye na maikrofoni apige sauti mojamoja kutoka hezi 40 hadi 130 kupitia spika zake, akiwa ameketi kitini, aandike zipi zinafura na zipi zinapotea. Baada ya kujenga arudie kwa sauti ya spika ileile, na kiti palepale.

Kiti chenyewe nacho kihame kabla hujanunua hata bodi moja. Toka katikati. Kwa chumba chetu, kichwa kikae kama mita moja na sentimita arobaini kutoka ukuta wa mbele, spika zote mbili zikiwa umbali sawa na kuta za ubavuni. Haigharimu kitu, na kuna mabonde ambayo yanaondoka kwa hatua hiyo tu.

Niseme pia mtego huu unaishia wapi, ili mtu asitumie fedha zake akitarajia visivyowezekana. Kuanzia hezi 80 kwenda juu utasikia tofauti wazi. Ile ya 57 itatulia kwa kiasi. Ya 47 na nusu itaguswa kidogo sana, kwa sababu robo ya wimbi lake inakaribia mita mbili na hakuna anayeweza kujaza nusu ya chumba kwa pamba. Kwa hizo za chini kuna mitego ya aina nyingine, ya ubao mwembamba unaotikisika mbele ya sanduku lililofungwa, lakini hiyo inataka hesabu makini na kila mmoja unashika sauti moja tu. Na mitego haizuii sauti kwenda kwa jirani. Anayelala ukuta wa pili ataisikia biti yako kama alivyoisikia jana. Hilo linahitaji ukuta mzito na mlango usiopitisha hewa, si pamba.

Bodi zikikubakia, au ukipata nyingine, ziende ukuta wa nyuma, ule unaotazamana na spika. Ziweke unene wa sentimita ishirini, na kama nafasi ipo uziache mbali na ukuta kwa ishirini nyingine, zikiwa usawa wa kichwa cha aliyeketi. Besi iliyokupita masikioni inakwenda kugonga hapo na kurudi kwako ikiwa imechelewa.